Suruali, madigadi na mvua ya ghafla: kwenda kazini kwa baiskeli Dar es Salaam

Anayeenda kazini kwa baiskeli Dar analoweshwa na maji ya namna tatu. Kuna yanayotoka juu, kuna yanayotoka mwilini mwake mwenyewe, na kuna yanayotoka barabarani yakirushwa na matairi yake. Watu wakiniuliza habari za mvua huwa wanauliza ya juu tu: koti gani, linapatikana wapi, bei gani. Mimi ningeyaweka ya juu mwisho. Maji ya mvua ni masafi, na joto letu linayakausha. Jasho huwezi kulikwepa. Yanayoharibu nguo, yanayokufanya uingie ofisini na mstari wa tope mgongoni na mguu wa suruali unaonuka mfereji, ni yale ya chini.

Njia yangu ni Barabara ya Morogoro, kutoka Ubungo hadi Posta, kilomita 10 hivi. Tangu mwendokasi uanze mwaka 2016 kuna kijia cha baiskeli pembeni kwa sehemu kubwa ya njia, ingawa Manzese unakigawana na wauza viatu, bodaboda waliochoka foleni na mikokoteni ya maji. Kutoka Magomeni unateremka hadi Jangwani, halafu unapanda kuelekea Faya. Mto Msimbazi ukifurika Jangwani inafungwa, na siku hiyo hakuna suruali wala madigadi ya kukusaidia. Mazungumzo yangu hapa ni ya siku za kawaida: asubuhi jua kali, saa mbili kasoro wingu linatokea upande wa bahari, mvua inashuka kama robo saa, kisha jua linarudi na lami inaanza kufuka mvuke. Vuli na masika siku za namna hiyo ni nyingi, na hata Januari, kaskazi ikivuma na joto likifika nyuzi 32, mvua ya kupita haikosi.

Nianze na jasho, kwa sababu ndilo linaloamua habari ya koti.

Mwili wa binadamu unapoteza nguvu nyingi kama joto. Mtu akikanyaga pedeli taratibu, tuseme kwa wati 80, misuli yake inazalisha joto la wati 300 hivi juu ya hizo. Safari ikichukua dakika 45, joto hilo lote linafika jouli 810,000. Gramu 1 ya jasho ikikauka kwenye ngozi inaondoka na jouli 2,400 hivi. Gawanya, utapata gramu 340 au karibu yake, yaani theluthi ya lita ya maji ambayo lazima itoke mwilini na kukauka ili usichemke. Na hapo tumedhani jasho lote linakauka. Kwa unyevu wa hewa yetu sehemu kubwa inachuruzika tu bila kukauka, kwa hiyo mwili unaongeza kumwaga.

Sasa vaa juu ya mwili huo koti zito la mpira, lile la bodaboda. Dereva wa bodaboda linamfaa sana, maana anayefanya kazi ni injini na yeye amekaa. Mwendesha baiskeli akilivaa, theluthi ya lita inabaki ndani pamoja naye. Ukifika Magomeni shati limelowa kwapa hadi kiuno, na ukilivua utashangaa kwamba upande wa ndani una maji sawa na wa nje. Makoti ya bei ghali yanayosifiwa kwamba yanapumua yana nafuu, lakini nafuu hiyo inategemea hewa ya nje iwe kavu au ya baridi kuliko ya ndani, ili mvuke upate pa kwenda. Katikati ya mvua ya Aprili hapa Dar, hewa ya nje yenyewe imeshiba maji. Nimeyajaribu, na sioni sababu ya mtu kutoa mshahara wa wiki kwa ajili hiyo.

Ninachobeba mimi ni jaketi jembamba la naili la kuzuia upepo, lile linalokunjika likaingia kwenye kiganja. Silivai ili nisilowe. Nalivaa mvua ikishanilowesha na upepo umeanza kunipiga, hasa ule mteremko wa kwenda Jangwani, ambapo mtu aliyelowa na haendeshi kwa nguvu anaweza kutetemeka hata hapa pwani. Nikianza kupanda upande wa Faya nalivua. Poncho, lile lililo wazi chini na unaloweza kulitandaza hadi kwenye usukani, ni zuri zaidi kwa hewa kwa kuwa upepo unaingia kwa chini, na linafunika mapaja. Tatizo lake ni kwamba basi la mwendokasi likipita karibu linageuka tanga. Kwenye manyunyu marefu ya asubuhi nakubali kulivaa. Kwenye mvua kubwa yenye upepo, hapana.

Kwa hiyo kwenye mwili nimeshakubali kulowa. Ila kulowa maji ya mvua na kulowa maji ya Manzese ni vitu viwili tofauti.

Angalia barabara baada ya mvua. Mvua yenyewe inaweza kukatika baada ya robo saa, na ukiwa na akili unajibanza kwenye kibaraza cha duka mpaka ipite. Lakini lami inabaki na maji nusu saa na zaidi, na vidimbwi vya pembeni vinakaa hadi mchana. Humo ndani kuna mchanga, oili ya magari, vumbi la breki, na sehemu zenye mifereji iliyoziba kuna yale ambayo sitayataja. Mtu aliyejificha mvua akatoka mkavu anaweza kufika Posta mchafu kuliko aliyenyeshewa njia nzima, kwa sababu tu baiskeli yake haina madigadi. Mvua ikikatika ndipo kazi ya madigadi inapoanza.

Ukielewa tone linavyosafiri utajua pa kulizibia. Tairi linapokanyaga maji linaondoka na utando mwembamba, na utando huo unaachia tone moja moja likienda kwa mstari mnyoofu kutoka pale lilipoachiwa. Tone linaloachiwa na gurudumu la nyuma, upande wa nyuma, usawa wa ekseli, linaruka moja kwa moja juu kwa mwendo uleule wa baiskeli. Ukienda kilomita 15 kwa saa, mwendo huo unatosha kulipandisha sentimita 90 kabla halijaanza kushuka. Ongeza urefu wa ekseli kutoka chini, sentimita 33 au hapo karibu, na umefika mita 1.2, katikati ya mgongo wa mtu aliyekaa. Na kwa sababu tone hilo limeondoka likiwa bado na mwendo wa baiskeli kwenda mbele, halibaki nyuma. Linasafiri pamoja na wewe, na yale yanayoachiwa juu kidogo ya hapo yanaelekea mbele na kukuangukia. Ongeza mwendo ufike kilomita 20 kwa saa na tone linapanda zaidi ya mita moja na nusu, linapita kisogo. Ule mstari wa tope kuanzia kiunoni hadi kwenye kola unatoka huko.

Gurudumu la nyuma kila mtu analijua, maana anaona mstari. La mbele ndilo linalolowesha zaidi, na watu hawalishuku. Maji yanayoachiwa chini kabisa, nyuma tu ya pale tairi linapogusa lami, yanarushwa nyuma kwa chini, na kilichoko nyuma yake ni viatu vyako, vifundo vya miguu, pindo la suruali na cheni. Yale yanayobebwa mpaka juu ya gurudumu yanarushwa mbele, kisha unayaendea mwenyewe na upepo unakurudishia usoni na kwenye magoti.

Aliyenifafanulia hili vizuri kuliko yeyote ni fundi mmoja mzee pale Manzese, ambaye sijawahi kumwona akisimama wima. Nilimpelekea baiskeli yangu ya mtumba ya Kijapani ili akaze breki. Ilikuwa na madigadi yake ya bati, nyuma refu, mbele limekatwa na mtu aliyetangulia. Akaiangalia mbele akacheka.

"Kijana, viatu vyako unavianika kila siku?"

Nikamwambia mvua ikinyesha, ndiyo, vinalowa chapachapa.

Akachukua spoku moja nzee, akailaza juu ya tairi la mbele pale madigadi lilipoishia, ikigusa mpira sehemu moja tu, kama rula iliyowekwa kwenye sahani. Ncha ya pili ya spoku ikawa inaelekea kwenye pedeli. "Hapa maji yanatoka. Fuata spoku. Yanakwenda wapi?" Akaisogeza chini kidogo kufuata mviringo wa tairi, ncha ikashuka kutoka kwenye pedeli hadi chini ya cheni. Akaisogeza tena, ncha ikawa inapita chini kabisa, karibu na ardhi, bila kugusa mguu. "Madigadi lako lilitakiwa lifike hapa. Hilo ulilonalo limeishia njiani."

Jaribu hilo kwenye baiskeli yako leo, halitaki gharama. Spoku, fimbo nyembamba ya mwavuli, hata uzi uliovutwa. Popote ncha inapogusa kiatu chako pedeli likiwa chini, hapo maji yanafika.

Kipande cha kurefushia tulikikata kwenye dumu la njano la mafuta ya kula. Fundi alitaka kutumia mpira wa tyubu ya lori, na ukipita mitaani utaona wengi wamefanya hivyo, lakini mpira ni laini mno: upepo unaupindisha pembeni, na maji yanapita. Plastiki ya dumu ina ugumu wa kutosha kukaa sawa na ulaini wa kutosha kukunjika ukigonga ukingo wa barabara. Kipande chetu kilikuwa na urefu wa sentimita 18, upana wa sentimita 7 juu pale kinapofungwa, na sentimita 13 chini. Upana wa chini una maana yake, kwa sababu kadiri tone linavyokwenda ndivyo linavyotawanyika. Fundi alitoboa matundu mawili kwa msumari uliopashwa moto, akapitisha bolti ndogo zenye washa pana pande zote mbili ili plastiki isichanike, kichwa cha bolti kikiwa ndani upande wa tairi na nati nje. Ukiweka nati ndani, siku ikilegea itakwaruza tairi.

Chini kilibaki na sentimita 8 kutoka ardhini. Ukikishusha zaidi kinazuia zaidi, lakini kila tuta na kila ukingo kitaukwaruza na mwisho kitang'oka. Sentimita 8 hadi 10 kwa barabara zetu ni pazuri.

Kuhusu madigadi yenyewe, upana na nafasi ndivyo vya kuangalia. Yawe mapana kuliko tairi kwa sentimita moja angalau, la sivyo maji yanatoka pembeni. Tairi langu ni la inchi 26 kwa 1.75, upana wake milimita 45 hivi, na madigadi ni milimita 58. Kati ya tairi na madigadi kuwe na nafasi ya kupitisha kidole. Ukiyabana zaidi ya hapo mchanga unakaa ndani, unausikia ukikwaruza kila mzunguko, na huko kwenye udongo mwekundu wa Pugu au Kisarawe tope linajaa mpaka gurudumu linagoma.

Hatari kubwa iko mbele. Kijiti au jiwe likiingia kati ya tairi na madigadi la mbele, au mguu wa kulishikilia ukikatika, bati linaweza kujikunja chini ya uma na kulifunga gurudumu ghafla, na wewe ukaruka juu ya usukani. Kwa hiyo kila mwisho wa wiki nashika madigadi yote mawili nayatikisa. Yakigonga, nati imelegea. Mtikisiko wa baiskeli unazilegeza nati za madigadi kuliko nati nyingine zote, na dawa yake ni kuongeza nati ya pili juu ya ile ya kwanza uzikaze zibanane.

Wenye baiskeli za gia za kisasa zisizo na madigadi mara nyingi wananunua kile kijiplastiki cha kubana kwenye bomba la siti, kinachotokeza nyuma kama mdomo wa bata. Kinaokoa mgongo na kalio, hicho nakisifu. Miguu hakiigusi. Ukiwa na pesa ya kimoja tu, ningekwambia tafuta la mbele lililo refu, na kwa nyuma funga kipande cha ubao au plastiki juu ya keria. Keria yenye ubao ni nusu ya madigadi.

Ukifika kazini usikimbilie kunawa. Jiangalie kwanza, uchafu unakwambia ulikotoka. Tope juu ya kiatu na kwenye ugoko: la mbele ni fupi kwa chini. Madoa usoni na kwenye miwani: la mbele ni fupi kwa mbele, upande wa juu. Mstari mgongoni: la nyuma ni fupi au limepinda pembeni. Upande wa ndani wa mashavu ya miguu, hasa mguu wa kulia, pana weusi: hilo ni tope lililochanganyika na oili ya cheni, na maana yake la nyuma halishuki vya kutosha pale mbele ya gurudumu, karibu na pedeli. Doa hilo la oili ndilo gumu kutoka kuliko yote, na sabuni ya unga peke yake hailiwezi. Paka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo likiwa bado kavu, sugua, ndipo uloweke.

Madigadi yakishatulia, suruali inakuwa na kazi rahisi: inyeshewe, isivimbe, ikauke.

Hapa jinzi inatoka kabisa. Uzi wa pamba unanyonya maji hadi ndani ya nyuzi zenyewe, na hata katika hewa ya kawaida isiyo na mvua unakuwa umeshabeba maji ya asilimia 7 au 8 ya uzito wake. Poliesta haifiki asilimia 1. Ikilowa, maji yake yanakaa katikati ya nyuzi tu, kwa hiyo ukiikung'uta au ukikaa mbele ya feni yanaondoka. Lakini unene una neno pia, na watu wanasahau. Jinzi ya kawaida ina gramu 400 kwa mita ya mraba, kadeti ya ofisini 250 hivi, suruali nyembamba ya safari 120 hadi 150. Kanga ni pamba tupu na bado inakauka upesi kwenye kamba, kwa sababu ni nyembamba. Kadeti nene ya poliesta itakusumbua kuliko pamba nyembamba.

Karume, kwenye mtumba, unatafuta suruali za wapanda milima, zile nyembamba zenye zipu mifukoni, wakati mwingine zenye zipu magotini za kuzigeuza kaptula. Lebo mara nyingi imeshakatwa, kwa hiyo jifunze kupima kwa mkono. Ikunje ngumi kwa sekunde chache kisha iachie: pamba inabaki na makunyanzi, poliesta na naili zinarudi. Dondosha tone la maji ya kunywa kwenye paja: likibaki limesimama ujue kitambaa kina dawa ya kuzuia maji, likisambaa haraka na kuwa doa pana jembamba ni vizuri pia, linakauka upesi. Likizama palepale na kuwa doa dogo zito, rudisha. Muuzaji akikuruhusu, chomoa uzi uuchome kwa kiberiti: pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu laini, poliesta inayeyuka na kuwa kidonge kigumu cheusi. Ila uchomoe kwenye kitambaa chenyewe, kwenye kingo za pindo kwa ndani. Uzi wa kushonea mara nyingi ni poliesta hata kwenye nguo ya pamba, na ukiuchoma huo utadanganyika.

Ikiwa lebo ipo, usiogope mchanganyiko. Poliesta 65 kwa pamba 35, kitambaa kilekile cha sare nyingi za shule na kazi, kinavumilika kwa mtu asiyependa kuvaa nguo ya mlimani. Spandeksi kidogo, asilimia 2 hadi 5, inasaidia goti kukunjika.

Rangi ni ya kufikiria. Kaki ya mwanga na kijivu cha mchanganyiko zinaonyesha kila tone la jasho mapajani, kiasi cha kumtia mtu aibu. Nyeusi inaficha jasho lakini tope likikauka linaonekana kama chokaa, na juani inachoma. Mimi navaa bluu iliyoiva au kijivu cha makaa.

Mshono nao una habari zake. Suruali nyingi zina mishono minne inayokutana msambani, na hapo ndipo unapokalia. Ikilowa inageuka kamba, na kilomita 10 zinatosha kukuchubua. Suruali nzuri ina kiraka cha umbo la almasi hapo, kikiisogeza mishono pembeni. Usipoipata, fundi cherehani anaweza kukiweka kwa kitambaa cha kufanana. Mwonyeshe tu unavyokaa kwenye tandiko, maana wangu wa kwanza alidhani nataka kuziba tundu. Akiwa hapohapo, mwambie ashone mpira wa kiuno wa sentimita 10 ndani ya pindo la mguu wa kulia na kifungo, ili uubane usiguse cheni. Miguu iwe imepungua chini lakini goti liwe huru. Suruali ya kubana ikilowa inang'ang'ania goti na kila mzunguko wa pedeli unavuta kiuno chini.

Utaniuliza, kwa nini usivae kaptula tu? Ngozi inakauka haraka kuliko kitambaa chochote, na nyumbani kwangu Jumamosi sivai kingine. Lakini ofisi nyingi za mjini mlinzi wa getini hatakupitisha na kaptula, hata ukimweleza kwamba suruali iko kwenye begi. Zile zenye zipu magotini zimetatua ugomvi huo: unafunga miguu nje ya geti, unaingia kama mtu mzima.

Juu hapahitaji hotuba. Jezi ya mpira, ya Simba au ya Yanga upendavyo, ni poliesta nyembamba yenye vitundu, na imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayetoka jasho. Usivae singlendi ya pamba chini yake, utakuwa umeweka taulo lililolowa kifuani. Miguuni yeboyebo zenye mkanda wa nyuma, bila soksi. Ndala zinateleza kwenye pedeli lililolowa.

Nguo kavu ndiyo koti langu la mvua la kweli. Suruali ya ofisini na viatu vya ngozi vinakaa kazini wiki nzima. Vinakwenda Jumatatu na kurudi Ijumaa. Ninachobeba kila siku ni shati, chupi na kanga. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku Juni 2019, ule mfuko wa kufungia nguo haupo tena jikoni, kwa hiyo mimi nilinunua nailoni nzito ya mita moja dukani kwa wauza vifaa vya ujenzi. Nakunja nguo ndani yake, nakunja mdomo mara tatu, na kufunga kwa mpira wa tyubu. Begi liko kwenye keria, siyo mgongoni. Begi la mgongoni linafunika sehemu ambayo jasho lilitaka kukaukia, na mikanda yake inachora mabega ya jezi.

Ukishafika, usibadilishe mara moja. Joto linaendelea kutoka mwilini dakika 10 hadi 15 baada ya kushuka, na ukivaa shati kavu mapema utalilowesha lote kwa jasho jipya. Kilomita ya mwisho, kutoka Faya kuingia mjini, naiendesha polepole kama mtu anayetafuta namba ya nyumba. Kisha nasimama kivulini, nafunga baiskeli bila haraka, nakunywa maji, nasalimiana na mlinzi. Ndipo naingia chooni na kanga: nusu naichovya maji kujifutia, nusu kavu ya kujikaushia, na ndiyo hiyohiyo ya kujistiri.

Suruali iliyolowa naining'iniza kwa miguu, kiuno kikiwa chini. Kiuno na mifuko ndivyo vizito na vinavyoshika maji, kwa hiyo maji yakishuka yanakutana huko na mengine yanadondoka badala ya kushukia kitambaa kilichokwisha kukauka. Mifuko naitoa nje. Ofisi yenye kiyoyozi inasaidia kuliko dirisha lililo wazi, kwa sababu kiyoyozi kinapunguza unyevu wa hewa. Suruali nyembamba ya poliesta huwa tayari kabla ya chakula cha mchana, na kadeti ya pamba jioni bado ina unyevu kiunoni. Siku mvua ikiniwahi jioni nakwenda tu nikiwa nimelowa, kwa kuwa ninakokwenda kuna bafu. Nikifika naisuuza suruali kwa maji masafi hata kama haina doa, mchanga usikae kwenye nyuzi. Baiskeli naifuta cheni kwa tambara na kutia oili tone moja kila pini, maana cheni iliyolazwa na maji kesho yake ina kutu, na kutu hiyo ndiyo itakayopaka pindo la suruali.